Mbonyezo mmoja, pampu inawaka na kuzima: 74HC14, SN74HCS74 au LM393 mbele ya CLK?

KisimaChaShamba

Wakuu, habari za jioni. Nina saketi ya kuwasha pampu ya kisima kwa kitufe kimoja: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Nimetumia 74HC74, D imeunganishwa na /Q, na Q inaendesha transista ya rilei inayovuta kontakta. Kitufe kiko mita 12 kutoka kwenye boksi. Kinashusha pini ya CLK hadi graundi, na rezista ya 10k inairudisha kwenye 5V.

Mwanzoni kontakti za kitufe zilikuwa zinadunda, mbonyezo mmoja ukihesabiwa mara tatu au nne. Nikaweka kapasita ya 100nF kutoka CLK kwenda graundi. Ikapata nafuu, lakini haikupona: nilibonyeza mara 50, mara 9 pampu ikawaka na kuzima papo hapo. Nikaona dawa ni kuongeza kapasita, nikaweka 1uF. Ikawa mara 21 kati ya 50! Hapo ndipo nilipokwama, maana nilitegemea kinyume chake. Jambo jingine, pampu hujibu ninapoachia kidole, si ninapobonyeza.

Nimesoma kwamba mbele ya CLK iwekwe bafa yenye histeresisi. Ninaziona njia tatu: 74HC14 kabla ya flipflopu niliyo nayo, au kuing'oa hiyo na kuweka SN74HCS74, au komparata LM393 ambayo ninayo tayari kwenye droo. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Redio_Mbao

Mkuu, tumia LM393 uliyo nayo, usinunue kitu. Weka rezista mbili za kugawa volti upate 2.5V kwenye mguu mmoja, ishara ya kitufe iingie mguu wa pili, rezista ya 10k kwenye pato, kazi imekwisha. Nimeitumia miaka mingi kwenye taa za kujiwasha jioni, haijawahi kunisumbua.

Nuru_wa_Saketi

Kaka KisimaChaShamba, nianze na hilo lililokukwamisha, kwa sababu ndilo linaloamua uchague nini.

Kapasita yako imetibu kudunda na kuleta ugonjwa mwingine. Kwa 10k na 100nF, ukiachia kitufe volti inapanda taratibu. Kutoka 1.5V hadi 3.5V inachukua karibu milisekunde 0.85. Sasa fungua datashiti ya SN74HC74, mstari wa muda wa kupanda na kushuka wa ingizo: kwa 4.5V mwisho ni nanosekunde 500. Wewe umepita kiwango hicho zaidi ya mara 1,600. Ulipoweka 1uF ukakipita mara kumi ya hapo.

Kinachotokea ni hiki. Ingizo la kawaida lina kizingiti kimoja, tuseme karibu na 2.3V. Ishara yako inapokifikia inakuwa inatambaa, kwa hiyo inakaa hapo muda mrefu mno kwa macho ya chipu. Milivolti chache za kelele kutoka kwenye waya wa mita 12 zinatosha kuivusha juu, kuirudisha chini na kuivusha tena. Hata kelele isipotoka nje, chipu inajitengenezea yenyewe: Q inapogeuka, mkondo unapita ghafla kwenye graundi, graundi ya ndani inanyanyuka kidogo, na kizingiti kinasogea nayo. Pini ya D ingevumilia mtikisiko huo, kwa sababu inasomwa mara moja tu. CLK inahesabu kila mpando, na mipando miwili kwako ni kuwasha na kuzima.

Pia 74HC74 hugeuka volti ya CLK inapopanda. Kwako inapanda unapoachia, ndiyo maana pampu inasubiri kidole kiondoke.

74HC14 ina vizingiti viwili. Kwa 4.5V, thamani za kawaida ni kama 2.5V wakati wa kupanda na 1.6V wakati wa kushuka. Ishara ikishavuka 2.5V, kelele inapaswa kuirudisha hadi 1.6V ndipo pato ligeuke tena. Ila usipange kwa thamani za kawaida. Pengo ambalo datashiti inakuhakikishia ni 0.4V tu, kwa hiyo kelele inayobaki baada ya kapasita iwe chini ya hapo.

Redio_Mbao, shikamoo. Taa ya jioni ikiwaka-zima mara tatu ndani ya milisekunde moja, hakuna jicho litakaloona, na rilei haitawahi hata kusogea. Flipflopu itaziona zote tatu. LM393 bila rezista ya kurudisha pato kwenye ingizo chanya haina histeresisi ya kutegemea. Kwenye ishara inayotambaa itatetemeka vilevile, pengine zaidi, maana ukuzaji wake ni mkubwa.

Redio_Mbao

Marahaba. Hilo la rezista ya kurudisha umenikumbusha, ni kweli sikuiweka kwenye zile taa. Akiweka 10k kwenye ingizo na 1M ya kurudisha, si atapata histeresisi?

Nuru_wa_Saketi

Atapata kama milivolti 50, na inahesabika vizuri: 5V mara 10k gawa kwa 1M. Akitaka 0.5V aweke 100k ya kurudisha. Uzuri wa komparata uko hapo, unachagua mwenyewe kizingiti na pengo. Ningeichukua kwa ishara ndogo, mfano koili ya sumaku inayotoa milivolti 200, ambayo 74HC14 haitaiona kabisa. Kwa kitufe kinachotoka 0 hadi 5V sioni faida yake. Halafu kuna pato: LM393 inavuta chini tu, kupanda kunategemea rezista. Ukiweka 10k na njia ndefu kwenye bodi, unaweza kuutengeneza upya mpando mvivu uleule tuliokuwa tunaukimbia. Angalau ashuke hadi 2.2k na aweke chipu mbili karibu karibu.

Kodi_Safi

Ndugu, mbona mnazunguka? Soma pini, subiri milisekunde 50, soma tena. Mistari mitatu ya msimbo.

KisimaChaShamba

Ndugu Kodi_Safi, hakuna kidhibiti kidogo kwenye boksi hili. Ni flipflopu, transista na rilei tu, na ningependa libaki hivyo.

Mota_Mbili

Naomba kuingilia, kwangu 74HC14 ilinigeuzia mwelekeo wa mota. Nina enkoda ya chaneli mbili: A inaingia D, B inaingia CLK, Q inasema mota inazunguka upande gani. B ilikuwa na kelele, nikaipitisha kwenye 74HC14. Kelele ikaisha, lakini sasa mbele inasomeka nyuma. Je, chipu mbovu?

Nuru_wa_Saketi

Si mbovu, 74HC14 inapindua. Flipflopu yako sasa inasoma A wakati B halisi inashuka, badala ya inapopanda, na wakati huo A iko kinyume. Pitisha chaneli zote mbili kwenye 74HC14. A nayo itapinduliwa, na mwelekeo utarudi kama ulivyokuwa. Au tumia 74LVC1G17 kwa B peke yake, hiyo ina histeresisi bila kupindua.

Kwa mwenye kisima kupinduliwa huko ni neema. Kubonyeza kutakuwa ndiko kupanda kwa CLK, na pampu itajibu papo hapo.

Fundi_Pwani

Mimi sikubaliani na mwanzo wa hoja. 74HC74 za Nexperia zimeandikwa waziwazi kwamba ingizo la CLK lina tabia ya triga ya Schmitt. Mwenye kisima anunue hiyo, asiongeze chipu wala kubadilisha bodi.

Nuru_wa_Saketi

Maandishi hayo yapo kweli, kaka. Lakini teremka kwenye jedwali la datashiti hiyohiyo: bado wanakuwekea kikomo cha nanosekunde 139 kwa kila volti kwa 4.5V, na hawakupi pengo la histeresisi lenye kiwango cha chini. Ninalisoma hivyo: inasaidia kidogo, lakini si ya kubeba mpando wa milisekunde. SN74HCS74 ndiyo iliyotengenezwa kwa hilo, na ina triga ya Schmitt kwenye maingizo yote, hadi CLR na PRE.

Fundi_Pwani

Ninazo zinazofanya kazi na RC ya 10k na 100nF zaidi ya mwaka. Jedwali nimelisoma. Mimi naamini kilicho mezani.

KisimaChaShamba

Nilitaka kujionea kabla ya kukata waya, nikafanya jaribio kwenye bredibodi. Potenshiometa ya 10k kati ya 5V na graundi, kapasita ya 100nF kwenye mguu wa kati, kisha CLK ya 74HC74 yangu, na LED kwenye Q. Nikazungusha polepole sana. Karibu na 2.3V LED ilibadilika ovyo, mara inabaki imewaka, mara imezima. Nikaweka 74HC14 katikati, nikarudia mara 30: kila mzunguko kamili mabadiliko ni moja tu.

Oskiloskopu ya kuazima haikunionyesha kitu kwenye CLK, mchoro ulikuwa laini kabisa. Nilipoiweka ijishike kwenye Q ndipo nikaona mipando miwili.

Nuru_wa_Saketi

Umefanya vizuri sana. Kwa volti 1 kwa kila mstari, milivolti 30 hazionekani, ndiyo maana CLK ilionekana safi.

Sasa usije ukaitoa RC ukidhani 74HC14 inatosha. Kontakti inapodunda, volti inakwenda kutoka 0 hadi 5V nzima, na hilo linavuka vizingiti vyote viwili. RC inameza kudunda, 74HC14 inanyoosha mpando mvivu unaobaki. Na sasa uko huru kuongeza RC, jambo lililokuadhibu mwanzo. Kwa 10k na 100nF, kontakti ikiachana kwa chini ya milisekunde 0.7 hivi, kapasita haifiki 2.5V na dundo halipiti. Kitufe kikizeeka, weka 47k na 220nF, utafika kama milisekunde 7. Kapasita ikae kwenye bodi, jirani na ingizo, na uweke 100Ω mfululizo na kitufe ili kontakti zisiifyatue kapasita moja kwa moja zikaungua. Maingizo matano yatakayobaki ya 74HC14 yapeleke graundi.

Kati ya tatu zako, ningechukua 74HC14. SN74HCS74 ni safi zaidi kwa bodi mpya, ila mimi nimeiona kwa umbo la kubandika juu tu, na itaendelea kujibu unapoachia.

KisimaChaShamba

Nimefunga 74HC14 na 47k, 220nF, 100Ω. Mibonyezo 200 leo asubuhi, na pampu inajibu kidole kikigusa. Hakuna hata moja iliyohesabiwa mara mbili. Lakini kuna jambo moja: pampu ilipokuwa inazima, mara moja ilijiwasha tena yenyewe, na mkono wangu ulikuwa mbali na kitufe.

Fundi_Pwani

Hiyo ni koili ya kontakta. Ina RC ya kuzima cheche?

Nuru_wa_Saketi

Au PRE. Umeifunga moja kwa moja kwenye 5V au kwa rezista na waya mrefu? Hiyo haipiti kwenye 74HC14, na ikiguswa na kelele inaweka Q juu bila kusubiri CLK.

KisimaChaShamba

Koili haina kitu. PRE iko kwenye 5V kwa rezista ya 100k. Kesho nitaanza na PRE peke yake, kisha koili, nijue ni ipi kati ya hizo.