Sudoku yenye namba 17 haiishi: nipunguze wapi majaribio?

Kibo_Kodi (Moshi): Wakuu habari za jioni. Nimeandika Python ya kutatua sudoku. Inatafuta seli ya kwanza iliyo wazi, inajaribu 1 hadi 9, inakagua mstari, safu na boksi, na ikikwama inarudi nyuma. Za gazetini inazimaliza mara moja, ila hii nimeiacha ikikimbia mpaka chai imepoa na bado:

```
.........
.....3.85
..1.2....
...5.7...
..4...1..
.9.......
5......73
..2.1....
....4...9
```

Je, nihamie C? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Njiro: Geuza tu mkuu, anza na 9 kushuka hadi 1. Utaona inavyokimbia.

DadaKijenge: Kaka Njiro yuko sahihi kwa gridi hii tu. Jibu lake mstari wa kwanza ni 987654321. Ile seli ya kona, juu kushoto, inaruhusu 2, 3, 4, 6, 7, 8 na 9, kwa hiyo anayepanda kutoka 1 lazima amalize matawi sita yote ya uongo ndipo aifikie 9. Sasa chukua kila namba d uweke 10 - d mahali pake: hapo wa kushuka ndiye atakayeteseka vilevile. Na C itakupa matawi yaleyale, ila kwa mwendo mkubwa.

Kibo, kosa ni kwamba unachagua seli kwa mahali ilipo. Chagua yenye namba chache zinazobaki. Weka biti 9 kwa kila mstari, safu na boksi, kisha:

```python
def zilizobaki(r, c):
    b = (r // 3) * 3 + c // 3
    return 0x1FF & ~(mstari[r] | safu[c] | boksi[b])
```

Ukiweka namba, washa biti yake sehemu zote tatu. Ukirudi nyuma, izime zote tatu. Wengi husahau boksi, na hapo gridi inayotatulika inaambiwa haina jibu.

Mama_Hesabu_Soweto: Samahani, mimi huwa nawatengenezea wanafunzi. Nikitoa moja zibaki 16, si itakuwa ngumu zaidi?

DadaKijenge: Hapana mama, itakuwa na majibu zaidi ya moja. Gary McGuire na wenzake wa Dublin walipekua kwa kompyuta na kutangaza mwaka 2012 kwamba hakuna sudoku ya namba 16 yenye jibu moja tu. Ukitaka kukagua zako, programu isisimame ikipata jibu la kwanza, iendelee mpaka ipate la pili au imalize.

Kibo_Kodi: Dada, nimebadilisha kama ulivyosema. Sasa inaisha haraka mno, lakini gridi inarudi na sifuri ndani! Sehemu ya kuchagua ni hii:

```python
n = bin(zilizobaki(r, c)).count("1")
if n and n < bora:
    bora, chaguo = n, (r, c)
```

DadaKijenge: Toa hiyo `n and`. Seli iliyo wazi yenye n = 0 ndiyo habari muhimu kuliko zote: tawi limekufa, rudi papo hapo. Wewe unairuka, mwishowe hakuna seli ya kuchagua na programu inadhani imemaliza. Kama seli imejazwa au la, uliza gridi yenyewe.

Fundi_Sakina: Ongeza kitu kimoja. Kwenye gridi hii mwanzoni hakuna seli yenye namba chini ya tatu, kwa hiyo bado utabahatisha. Sasa usiulize seli, uliza namba: 1 itakaa wapi kwenye boksi la chini kulia? Safu ya 7 ina 1 tayari, mstari wa 8 unayo pia. Inabaki mstari wa 9 safu ya 8 peke yake, ingawa seli hiyo ukiihesabu ina namba nne: 1, 2, 5 na 6. Iweke. Sasa mstari wa 9 umefungwa, kwa hiyo boksi la chini kushoto linabaki na mstari wa 7 safu ya 2. Endelea hivyo: juu kulia ni kona, halafu mstari wa 2 safu ya 4, mstari wa 6 safu ya 6, mwisho mstari wa 4 safu ya 1. Moja zote tisa zimekaa, hujabahatisha hata mara moja.

Na namba ikikosa mahali kabisa kwenye boksi, mstari au safu, hilo nalo ni tawi lililokufa.

DadaKijenge: Nakubali, ila kupekua makundi yote 27 kila hatua kuna gharama. Kwa za gazetini mimi ningeacha.

Fundi_Sakina: Pekua pale tu seli bora inapokuwa na mbili au zaidi. Ikiwa na moja, jaza uendelee.

DadaKijenge: Hata hivyo sijaridhika. Kibo, weka kihesabio cha majaribio, endesha zote mbili kwenye gridi zako, utuletee namba na muda.

Kibo_Kodi: Sawa, nimeondoa `n and`, sifuri zimekwisha na hii imetoka na 987654321 juu. Kihesabio naweka usiku huu.