Ulinganisho: pasipoti ya Kenya au ya Uingereza, ipi uonyeshe kaunta gani?

Zuhura_Leeds
Salaam wanajamvi. Nilizaliwa Kenya, na mwaka jana nilipata uraia wa Uingereza. Sasa nina pasipoti zote mbili, na majina yanalingana. Mwezi wa 12 nasafiri na mwanangu wa miaka 7 kutoka Manchester kupitia Doha hadi Nairobi. Tutapumzika nyumbani Mombasa, kisha tuvuke Zanzibar wiki moja, turudi Mombasa, halafu Nairobi na Uingereza. Mtoto alizaliwa hapa Leeds na ana pasipoti ya Uingereza peke yake.

Nimeona njia tatu. Kwanza, kutumia ya Kenya safari nzima. Pili, kutumia ya Uingereza safari nzima na kuombea eTA, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya. Tatu, kubadilisha, ya Kenya huku na ya Uingereza kule. Nyinyi mnafanyaje? Na afisa akiona nina mbili, ni taabu?

Otis_Coventry
Dada, usijisumbue. Tumia ya Kenya safari nzima, ndiyo yako ya kuzaliwa. Ukirudi Uingereza unaomba ETA yao mtandaoni, inakuja kwenye simu.

KauntaYaNdege
Otis, hapo utampoteza. Nilifanya kazi kaunta ya ndege JKIA kwa muda mrefu kabla ya kuhamia huku, na watu wa kesi hii nilikuwa nawaona kila wiki.

ETA ya Uingereza ni ya watu ambao nchi zao hazihitaji viza ya matembezi, na Kenya si mojawapo. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza kamili. Na hata Kenya ingekuwa kwenye orodha, Zuhura ni raia wa Uingereza, na raia hapewi ETA wala viza ya nchi yake mwenyewe. Tangu tarehe 25 Februari 2026 wamekaza kamba: mwenye uraia wa nchi mbili anayerudi Uingereza aonyeshe pasipoti ya Uingereza au ya Ayalandi, au awe na cheti cha haki ya kuishi Uingereza kilichounganishwa na pasipoti yake nyingine. Cheti hicho ni pauni 589. Kwa bei hiyo, pasipoti ya Uingereza ni nafuu kwa mbali. Bila kimojawapo cha hivyo, anayekuzuia si afisa wa Heathrow, ni mhudumu wa kaunta ya ndege Nairobi. Hupandi.

Kwa hiyo njia ya kwanza imekufa. Ya pili inawezekana, lakini utaingia nchini kwako kama mgeni, ulipie eTA dola 30, na upewe siku za mgeni. Njia ya tatu ndiyo wengi wanaitumia, na haina ujanja wowote ndani yake: kila nchi unayokuwa raia wake unaingia na kutoka kwa pasipoti yake.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu kaunta ya ndege na dirisha la uhamiaji haziulizi swali moja. Mhudumu wa kaunta anataka kujua kama kule unakoenda utapokelewa, maana ukikataliwa, shirika ndilo linalokurudisha na kupigwa faini. Afisa wa uhamiaji anataka kujua wewe ni nani ndani ya nchi yake.

Fuata safari yako. Manchester, mhudumu anauliza utaingiaje Kenya. Mpe ya Kenya. Ukimpa ya Uingereza, ataomba eTA. Kutoka Uingereza hakuna dirisha la uhamiaji la kugonga muhuri, taarifa zako zinapelekwa na shirika la ndege. Doha mnapita tu bila kuingia nchini. Nairobi, dirishani, ya Kenya. Siku ya kurudi, kaunta ya ndege itaona jina lako na namba ya pasipoti ya Kenya kwenye mfumo, na swali la kwanza litakuwa "viza ya Uingereza iko wapi?" Toa ya Uingereza hapo, abadilishe namba. Ukisogea mbele kwa uhamiaji, toa ya Kenya uliyoingilia. Afisa akiuliza unaingiaje Uingereza, mwonyeshe na ile nyingine, wazi kabisa.

Zuhura_Leeds
Asante sana kaka. Hiyo ya kumwonyesha zote mbili ndiyo iliyokuwa inanitia hofu.

WakiliMdogo
Hofu iwe kwa ambaye hajatangaza. Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamtaka mwenye nao autangaze uraia wa pili ndani ya miezi 3 tangu aupate. Asiyetangaza anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Zuhura, ulijaza fomu ya tamko?

Zuhura_Leeds
Nilijaza. Nakala iko ndani ya jalada la pasipoti.

WakiliMdogo
Basi tembea nayo, na cheti chako cha uraia wa Uingereza kipige picha kwenye simu.

Mzee_wa_Likoni
Wanangu, na mimi? Nilichukua uraia wa Uingereza 2004. Pasipoti yangu ya Kenya ilikwisha muda, nataka kuihuisha nifanye kama anavyosema huyu wa kaunta. Kitambulisho cha Kenya ninacho bado.

WakiliMdogo
Shikamoo mzee. Kesi yako si ya Zuhura. Katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo ulipochukua wa Uingereza kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, ule wa Kenya uliupoteza, hata kama hakuna aliyekuja kukunyang'anya kitambulisho. Katiba mpya haikurudishi yenyewe. Lakini wewe ni mzaliwa, na kifungu cha 14 kinakupa haki ya kuurejesha kwa kuomba. Omba kwanza kurejeshewa uraia, pasipoti ifuate. Ukihuisha pasipoti kama vile hakuna kilichobadilika, utakuwa umejaza fomu ya serikali kwa maelezo yasiyo kweli. Kwa sasa ingia na ya Uingereza na eTA.

Mzee_wa_Likoni
Marahaba. Hili hakuna aliyewahi kuniambia. Nitalishughulikia.

Neema_Birmingham
Jamani naomba nidandie. Mimi ni Mtanzania, nimeitwa kwenye sherehe ya kula kiapo cha Uingereza mwezi ujao. Naweza kuingia Dar na ya Tanzania na kurudi na ya Uingereza, kama Zuhura?

KauntaYaNdege
Hapana dada Neema. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukiuchukua wa Uingereza kwa hiari yako, ule wa Tanzania unaondoka, na kuendelea kutumia ile pasipoti ni kosa. Fuatilia hadhi maalumu ya diaspora, ila jua kwamba hiyo si uraia. Na jambo moja kwa kila anayekula kiapo: siku hiyo ukaazi wako wa kudumu unakwisha, kwa sababu raia hana kibali cha ukaazi. Usitoke Uingereza mpaka pasipoti mpya iwe mkononi. Nimeona mtu kakwama Nairobi kwa sababu alitoka wiki ile ile kuzika, akidhani kibali chake cha zamani bado kinafanya kazi.

Neema_Birmingham
Nimekuelewa. Inauma, lakini afadhali nijue kabla.

Kui_Reading
Mimi naona mnaidharau ile njia ya pili. Naingia Kenya na ya Uingereza kwa makusudi, ili nikipata shida ubalozi wa Uingereza unisaidie.

WakiliMdogo
Nusu yake ni kweli, dada Kui. Katika nchi ya tatu, tuseme Thailand, ubalozi wa pasipoti uliyoingilia ndio utakaokusimamia. Lakini serikali ya Uingereza yenyewe inasema kwa kawaida haimsaidii raia wake akiwa ndani ya nchi nyingine anayokuwa raia wake pia. Kenya unabaki Mkenya, hata ukionyesha kitabu gani dirishani.

Kui_Reading
Mmh. Basi nilikuwa nalipia eTA bure. Na viza je? Nataka kwenda Ulaya, na rafiki yangu ananiambia niombe viza kwa ya Kenya ili ile ya Uingereza isijae mihuri.

KauntaYaNdege
Kwa ya Uingereza huhitaji viza ya Schengen kwa matembezi ya hadi siku 90 ndani ya kila 180. Na ukijaribu kuomba kama Mkenya ukiwa Reading, watakuuliza kibali chako cha kuishi Uingereza. Huna, kwa sababu wewe ni raia. Itabidi uwaeleze, na hapo watakuuliza kwa nini unaomba viza usiyoihitaji. Isitoshe, mipaka ya Schengen sasa inasajili alama za vidole na namba ya pasipoti badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo hata hiyo hofu ya kujaa haipo. Uliyoingilia ndiyo utakayotokea.

Fomu ya viza ikiuliza uraia mwingine, andika. Hata ESTA ya Marekani inauliza. Kuwa na uraia wa pili wa Kenya si tatizo kwao, kuuficha ndiko tatizo.

Zuhura_Leeds
Na Zanzibar sasa?

KauntaYaNdege
Hapo ya Kenya ina thamani yake. Mkenya haombi viza ya Tanzania, Mwingereza analipa dola 50. Toka Mombasa na ya Kenya, ingia Zanzibar nayo, toka Zanzibar nayo, rudi Mombasa nayo. Ya Uingereza ibaki kwenye begi. Kinachonipa wasiwasi ni mtoto: kwa ya Uingereza anahitaji eTA ya Kenya na viza ya Tanzania, halafu anatoka Kenya na kuingia tena. eTA ya kawaida ni ya kuingia mara moja.

Otis_Coventry
Wa kwangu alitoka Nairobi kwenda Kampala akarudi kwa eTA ile ile. Hawakusema kitu.

Kui_Reading
Wa dada yangu walimwambia anunue nyingine, palepale kwenye kaunta ya ndege, na familia nzima imesimama nyuma yake.

WakiliMdogo
Msimtegemeze Zuhura kwenye bahati ya afisa wa zamu. Dada, mama yake mtoto alikuwa raia wa Kenya siku anazaliwa, hivyo na yeye ni Mkenya wa kuzaliwa, haijalishi alizaliwa Leeds. Anza na ubalozi wa Kenya London, usajili kuzaliwa kwake, kisha uombe pasipoti. Angalia tu jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti ya Uingereza. Ofisi ya pasipoti ya Uingereza inataka majina yalingane, na wakati wa kuhuisha wanaweza kuizuia mpya mpaka urekebishe ile ya nje.

Zuhura_Leeds
Kwenye ya Uingereza ana majina matatu, la babu halimo. Shemeji yenu anataka la babu liingie kwenye ya Kenya.

WakiliMdogo
Basi lizungumzeni nyumbani kabla ya kujaza fomu. Mkilitaka la babu, liingie kote kuwili.

Zuhura_Leeds
Nitapiga simu ubalozini Jumatatu. Pasipoti isipotoka kabla ya mwezi wa 12, nitawaandikia uhamiaji Nairobi niulize kuhusu kuingia tena kwa eTA, na jibu lao nilichapishe nitembee nalo. Aliyewahi kujibiwa kwa maandishi, tafadhali aweke hapa.