Mjadala: misemo ya kikao cha asubuhi, inawapa vijana moyo au inawakaba?

Msimamizi wa mauzo, Temeke: "Nina vijana tisa wanaouza sabuni na juisi madukani. Saa moja na nusu asubuhi tunasimama dakika kumi kabla hawajaingia ruti. Nataka msemo mmoja wa siku, wa kuwatia moyo bila kuwaongezea presha ya tageti. Wenzangu mnatumia ipi? Au niache kabisa?"

Dada wa Stoo: Acha kabisa. Mtu anadaiwa kodi ya nyumba, wewe unamwambia "mchumia juani hulia kivulini". Hilo jua analijua kuliko wewe. Hata Deming, yule Mmarekani aliyewafundisha Wajapani ubora wa bidhaa viwandani miaka ya 1950, alipiga marufuku kaulimbiu kazini. Basi.

Mzee wa Ruti: Dada, hapo umepatia nusu. Deming alikerwa na kaulimbiu za kumhimiza mfanyakazi azalishe zaidi bila kumwonyesha njia, wakati kikwazo chenyewe kiko kwenye mfumo. Na tageti za namba alizipinga vilevile, ila hilo bosi wa Temeke hana mamlaka nalo, kwa hiyo tumsaidie pale anapoweza.

Mkuu, angalia tarehe kabla ya kuangalia msemo. Chukua kijana mwenye tageti ya katoni 520 kwa siku 26 za kazi, yaani 20 kwa siku. Anapita maduka 30, yanayonunua ni 10, kila moja linachukua wastani wa katoni moja na nusu. Hiyo ni 15. Siku ya 18 jioni ana 270, anadaiwa 250 kwa siku nane, kama 31 kila siku. Kwa maduka yale yale 30, inabidi 21 yanunue. Kesho yake asubuhi ukimwambia "haba na haba hujaza kibaba" atakuona unamcheka, kwa sababu hesabu ameshaipiga usiku kitandani. Siku ya tatu ya mwezi msemo huohuo ungemkaa vizuri.

Katikati ya mwezi mimi natumia "mgaagaa na upwa hali wali mkavu", na papo hapo nautajia kazi: leo kila mmoja aongeze maduka matano ambayo hayamo kwenye orodha yake. Kuingia dukani kuko mikononi mwake. Mwenye duka kununua hakuko.

Muuza Vitenge: Jamani na mimi naomba ya kuweka status asubuhi, wateja wangu wananipiga chenga mno.

Dada wa Stoo: Mama, hapa ni misemo ya kuwaambia wafanyakazi, siyo wateja. Ila "kukopa harusi, kulipa matanga" utakufaa sana.

Wakala wa Bima, Mombasa: Mimi niko kamisheni tupu, mshahara sina. Kwetu kiongozi alikuwa anaanza kwa kusoma majina, wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu ndipo anatoa msemo. Siku niliyokuwa wa mwisho alisema "chelewa chelewa utakuta mwana si wako". Kila mtu aligeuka kuniangalia. Kwani aliutoa kwa wote? Ulikuwa wangu ule. Aliyemrithi anasema "riziki mafungu saba", kisha kila mmoja anataja mteja mmoja atakayemfuata leo. Namba zako anakuambia pembeni.

Supavaiza Mkali: "Riziki mafungu saba" ni kumpa mvivu kitanda. Vijana wangu wenyewe ndio wanaoomba orodha isomwe, wanataka kujua nani anaongoza.

Mzee wa Ruti: Wanaoomba ni walioko juu, kaka. Waulize watatu wa chini, mmoja mmoja. Na uvivu una dalili zake: maduka aliyopita ni machache. Akipita yote 30 na bado hauzi, uliza kama mzigo ulikuwepo. Juisi ikiisha stoo siku nne, utamhimiza nani?

Asiyefikisha mwezi mzima mimi namwambia "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi", lakini tukiwa wawili, na baada ya kupitia ruti yake. Mbele ya wenzake msemo huo unamtangaza. "Asiyefanya kazi na asile" kwangu haupiti mlangoni.

Msimamizi wa mauzo, Temeke: Shikamoo mzee. Nitaanza na maduka matano mapya. Shida yangu makao makuu wanataka orodha isomwe kila Jumatatu, na meneja wa kanda huwa anasikiliza kwa simu.

Mzee wa Ruti: Marahaba. Isome, lakini omba uisome kwa maduka yaliyopitiwa badala ya katoni. Akikataa, toa msemo kwanza, orodha ifuate.

Supavaiza Mkali: Hatakubali. Meneja wa kanda naye ana tageti yake.