Nimetozwa ushuru wa NAULI jamani! Nauli!!

Kiboko_wa_Mtaa
Wakuu, nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Siwataji, mnawajua wenyewe. Wale wa dirisha dogo.

Niliagiza viatu nje. Nahesabu kwa mia ili asitokee mtu wa kuuliza sarafu: viatu 100, usafiri 40. Nilijipanga kabisa. Ushuru asilimia 25, VAT asilimia 18, nikajumlisha nikapata 43. Nimeenda na 43 yangu mfukoni, nimechana na nywele. Dada akabonyeza kikokotoo, akanigeuzia kioo: 66.5. Hakutamka neno. Akanigeuzia kioo tu!

Nauliza imetokea wapi, ananijibu, "Tumejumlisha na nauli, kaka." Nauli inavaliwa mguu gani? Mimi nimeingiza viatu, nauli imeishia angani. Kama nimelipia ushuru wa safari, basi wanipe na ndege nikaiegeshe nyumbani. Chini ya karatasi kuna 15 nyingine, eti ada ya kunilipia ushuru. Yaani nalipa kwa sababu nimelipiwa! Na muda wote huo kioo bado kimenielekea.

Bi_Shughuli
😂😂 Umechana nywele kwenda kulipa kodi? Ulidhani ni posa?

Mzee_wa_Ankara
Pole, mkuu, ila kwenye 66.5 dada hajakuonea. Nchi nyingi zinahesabu thamani ya mzigo ukiwa umefika, yaani bei, bima na usafiri kwa pamoja. Kwa hiyo ushuru umepigwa kwenye 140, ukatoka 35. VAT nayo haikurudi kwenye 100 yako, imepigwa kwenye 140 pamoja na huo ushuru, yaani 175. Asilimia 18 ya hapo ni 31.5. Jumlisha mwenyewe. Marekani ni kati ya wanaoacha nauli ya kimataifa nje ya hesabu.

Ile 15 ni habari nyingine. Si ya serikali, ni ya msafirishaji. Alitanguliza hela mzigo utoke, sasa anadai na chake. Ungemuuliza mapema kama unaruhusiwa kuutoa mzigo forodhani mwenyewe.

Kiboko_wa_Mtaa
Kwa hiyo VAT imetozwa juu ya ushuru, na ushuru juu ya nauli? Kodi imepanda mgongoni mwa kodi, na wewe unaniambia sijaonewa? Hukukiona kile kioo wewe.

Chap_Chap
Mnahangaika bure. Mwambie muuzaji aandike "zawadi" kwenye fomu. Zawadi haina ushuru, kwisha.

Mzee_wa_Ankara
Nusu kweli. Msamaha wa zawadi upo nchi nyingi, lakini una kikomo cha thamani, na ni wa mtu kumtumia mtu. Duka ni shangazi ya nani? Afisa akitilia shaka anadai uthibitisho wa malipo, na ukiwa bado unautafuta, gharama za ghala zinapanda.

Kiboko, angalia jambo moja kwenye hiyo karatasi: namba ya HS, ile forodha wanayotumia kuainisha bidhaa. Sehemu ya juu ya kiatu ikiwa ngozi inaanza na 6403, ikiwa kitambaa ni 6404.

Kiboko_wa_Mtaa
Wameandika 6403. Viatu vyangu ni vya turubai! TURUBAI! Narudi dirishani kesho na kioo changu mwenyewe.

Mzee_wa_Ankara
Hapo una hoja. Omba wapitie upya uainishaji kwa maandishi, ambatanisha picha na ukurasa wa bidhaa. Ila usishangilie mapema, kuna nchi asilimia ni ileile kwa namba zote mbili.

Mama_Safari
Mimi naona ukivivaa ukapita navyo uwanja wa ndege hawakugusi. Mbona mimi huwa napita?

Bi_Shughuli
Mama, vimekuja kwa kifurushi, hajasafiri mtu hapa.

Fundi_Redio
Afadhali nyie mmelipa mara moja. Mimi nilirudisha amplifaya yangu kwa kiwanda itengenezwe, iliporudi wakaitoza ushuru kama mpya! Ileile, na mkwaruzo wake.

Chap_Chap
Ungeandika "zawadi."

Mzee_wa_Ankara
Chap_Chap, tulia. Fundi, kabla haijatoka ulisajili serial namba yake kwa forodha? Bila karatasi ya kutoka, watajuaje kwamba ndiyo ileile?

Fundi_Redio
Nani alinionya nisajili? Muuzaji aliniambia tu itume.

Mama_Safari
Amplifaya ya wati ngapi hiyo? Yangu inanguruma upande mmoja.

Kiboko_wa_Mtaa
Jamani, uzi wangu ni wa viatu!

Fundi_Redio
Mama, huo upande mmoja ni waya au spika? Spika zibadilishe upande kwanza, uone mngurumo unahamia wapi.