Wahubiri, acheni hadithi ya tai anayeng'oa mdomo wake: ni uongo na inaliua andiko mnalolisoma

Benchi la Tatu (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wakuu. Nimekasirika na sitaficha. Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alisoma Isaya 40:31 kanisani kwetu, akafunga Biblia, na muda wote uliobaki akatuhubiria ndege.

Hadithi yenyewe mnaijua. Tai akifika miaka 40 mdomo unapinda, kucha zinalegea, manyoya yanakuwa mazito. Anapanda mlimani peke yake, anaugonga mdomo kwenye mwamba mpaka unang'oka, anasubiri uote mwingine, kisha kwa mdomo huo mpya anang'oa kucha na manyoya. Baada ya siku 150 anashuka akiwa kijana na anaishi miaka 30 mingine. Kanisa zima lilisimama, kinanda kikapanda, watu wakalia.

Hakuna tai wa namna hiyo duniani. Mdomo wa tai kwa nje umefunikwa na kitu kilekile kilichotengeneza kucha zetu. Unakua maisha yake yote na unalika kila siku anaporarua nyama. Akiuvunja hana cha kulia, na tai hakai miezi mitano bila kula. Manyoya hayang'oi mwenyewe: yanadondoka machache machache na mengine yanaota, ndiyo maana humkuti tai amebaki uchi akisubiri. Na hiyo miaka 70? Marekani, ambako wanawavisha ndege pete mguuni ili kujua umri wao, tai mmoja mwenye kichwa cheupe aliyekutwa amekufa mwaka 2015 alikuwa na miaka 38, na huyo alihesabika kuwa mzee kuliko wenzake wote wa porini walioandikwa. Hata hiyo 40 hakuifikia.

Lakini kinachonichoma zaidi si ndege, ni andiko. Rudini mistari miwili nyuma. Aya ya 29 inasema Mungu "huwapa nguvu wazimiao, humwongezea nguvu yeye asiyekuwa na uwezo." Aya ya 30 inasema hata vijana watazimia na kuchoka. Ndipo inakuja ya 31: "bali wao wamngojeao BWANA watapata nguvu mpya; watapanda juu kwa mbawa kama tai." Nguvu zinatoka kwa Mungu kwenda kwa mtu ambaye hana chake. Sasa tazama hadithi ya tai: nani anafanya kazi? Tai. Nguvu mpya zinatoka wapi? Kwenye maumivu aliyojipa mwenyewe. Mungu hayumo kabisa. Mhubiri alisoma andiko moja akahubiri lingine lililo kinyume chake, na sisi tukaitikia amina.

Baada ya ibada nilikaa na vijana ninaowafundisha nikawauliza wamebeba nini. Wote walitaja mwamba, mdomo na damu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kungoja. Nikiwa natoka, mama mmoja ambaye mtoto wake amelazwa muda mrefu akanishika mkono getini akaniambia, "Mwalimu, kumbe mimi bado sijajing'oa vya kutosha." Mama huyo ndiye hasa aya ya 29 inayemzungumzia! Alikuja amezimia, akaondoka na mzigo wa pili.

Na kuna la pili. Mhubiri huyohuyo alisimulia kwamba alikuwa kwenye basi la usiku njia ya Singida, akasikia sauti ikimwita jina na kumwambia ashuke, akashuka, basi likapinduka kilomita chache mbele. Ushuhuda huohuo, mpaka koti alilosahau kwenye kiti, tulishausikia kwa mhubiri mwingine, na yeye alisema ni njia ya Iringa. Watu wawili hawakusahau koti lilelile. Angalau mmoja wao ametudanganya akiwa madhabahuni, na aliyekuwa amepoteza ndugu kwenye ajali ya basi alikuwa amekaa palepale akijiuliza kwa nini ndugu yake hakuitwa.

Ninachodai si kikubwa. Kabla hujatafuta hadithi, andika kwa sentensi moja andiko linasema nini. Ukipata hadithi, nayo iandike kwa sentensi moja. Sentensi hizo mbili zisipofanana, hadithi itupe hata kama ni tamu kiasi gani. Na kama si yako, sema "nilisoma" au "nilisimuliwa".

---

Nyota ya Alfajiri

Mtumishi, nakuelewa ila umezidisha. Yesu mwenyewe alihubiri kwa hadithi za kutunga. Msamaria mwema hakuwa na kitambulisho, mwana mpotevu hakuwa na kijiji. Kama hadithi inagusa mtu akatubu, ukweli wake una shida gani?

---

Benchi la Tatu

Nusu ya maneno yako nayakubali. Kutunga si dhambi. Lakini "Mtu mmoja alishuka toka Yerusalemu kwenda Yeriko" kila msikilizaji alijua ni mfano. Yesu hakusema "nilikuwa njiani Yeriko nikashambuliwa." Na tai wetu hakuletwa kama mfano. Tuliambiwa "wataalamu wamegundua". Kijana wa kidato cha tatu akienda kumuuliza mwalimu wa baiolojia akaambiwa ni uongo, atajiuliza na mengine aliyoyasikia pale ni ya namna gani.

---

Mlinzi wa Lango

Mleta mada unawaandama watumishi wa Mungu. "Msiwaguse masihi wangu." Kama mahubiri hayakufai hama kanisa. Mnataka wachungaji wasichekeshe, wasisimulie, wasome tu kama gazeti? Watu watasinzia.

---

Benchi la Tatu

Sijasema popote wasisimulie. Soma tena aya yangu ya mwisho.

---

Mzee Mwalimu

Wanangu, nimefundisha somo la kuhubiri chuo cha Biblia hadi nilipostaafu, niruhusuni niseme.

Tatizo linaanzia Jumamosi usiku. Mhubiri ana hadithi kali mfukoni, anatafuta andiko la kuibandika. Akiona neno "tai" kwenye Isaya, amepata. Kuanzia hapo andiko limekuwa mlango wa kuingilia kwenye hadithi, wakati ilitakiwa hadithi ndiyo iwe mlango wa kuingilia kwenye andiko. Wanafunzi wangu nilikuwa nawataka wahubiri sehemu hiyo bila hadithi kwanza, mbele ya wenzao. Palipokuwa pagumu kueleweka, hapo ndipo mfano unahitajika. Pakieleweka bila mfano, mfano hapo ni pambo tu.

Na kwenye Isaya 40 pagumu ni neno kungoja. Watu wanadhani kungoja ni kukaa tu. Sasa tai wa kweli anasaidia. Ndege wakubwa wa aina hii ni wazito, kupiga mabawa mfululizo kunawachosha. Ukikaa pale kwenye ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara utawaona: asubuhi wametulia, jua likishapasha ardhi hewa ya moto inaanza kupanda, ndipo wanafungua mabawa na kuzunguka juu, juu zaidi, bila kupiga bawa. Hawakuitengeneza ile hewa. Waliingoja, na ilipokuja walikuwa tayari. Hiyo utaisema kwa dakika mbili na unarudi kwenye aya ya 29. Mama yule wa getini angeondoka na kitu kingine.

Ila ukiisema, usidai kwamba Isaya alikuwa na somo la hewa ya moto kichwani. Sema "tukimtazama tai tunaona hivi". Andiko lina mabawa na nguvu mpya, mengine ni yako.

---

Benchi la Tatu

Mzee, ubarikiwe. Hiki ndicho nilichotamani kukisikia Jumapili.

---

Kijana wa Kyela

Shikamoo mzee. Na pale Yesu aliposema ni rahisi ngamia kupita tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu, je, lile lango la Yerusalemu linaloitwa Tundu la Sindano, ngamia anashushwa mizigo anapiga magoti ndipo apite? Hilo nimefundishwa tangu Shule ya Jumapili, nadhani lina ushahidi.

---

Mzee Mwalimu

Marahaba. Halina. Hakuna lango la jina hilo linalojulikana kutoka wakati wa Yesu, maelezo hayo yanajitokeza kwenye maandishi ya karne nyingi baadaye. Lakini usihitaji hata mtaalamu wa magofu, soma tu Mathayo 19 mbele kidogo. Wanafunzi walishangaa mno, wakauliza ni nani basi awezaye kuokoka. Kama ni lango tu la kupiga magoti, walishangaa nini? Na Yesu akajibu, "Kwa wanadamu hilo haliwezekani." Hakusema ni gumu kidogo. Lango linamwambia tajiri apunguze mizigo atapita mwenyewe. Ni ugonjwa uleule wa tai: hadithi inampa mtu kazi ambayo andiko limesema ni ya Mungu.

---

Kijana wa Kyela

Mzee, hapo bado sijaridhika. Tajiri aliambiwa kweli auze alivyo navyo. Kushusha mizigo kumo palepale kwenye sura hiyohiyo.

---

Mzee Mwalimu

Kumo, na hoja yako ni nzuri. Ihubiri kwa aya ya 21 basi, ambako imeandikwa, bila kujenga lango.

---

Mama Upendo

Naomba kuuliza langu. Mimi hadithi iliyosimuliwa ilikuwa ya kweli kabisa, na ndiyo iliyoniumiza. Nilikwenda kwa mchungaji kuomba ushauri kuhusu ndoa yangu. Wiki chache baadaye akahubiri juu ya kusamehe, akasema "kuna dada mmoja, sitamtaja, mume wake ni dereva wa malori, alikuta ujumbe kwenye simu..." Kanisa letu ni dogo, dereva wa malori ni mmoja. Nilibaki nimeinamisha kichwa mpaka baraka. Sijarudi tangu siku hiyo. Hapo nilaumu nini, wakati hakudanganya?

---

Benchi la Tatu

Pole sana dada yangu. Hakudanganya, lakini alichukua kitu ambacho hakikuwa chake. Alitakiwa akuombe ruhusa, na ukikataa, iishie hapo. Kusamehe kuna mifano mingi, hakukosa pa kuchota.

---

Nyota ya Alfajiri

Angeweza kubadilisha: aseme mume ni fundi, aseme ilitokea mkoa mwingine. Ila sasa, mleta mada, si umesema uongo mwiko? Akibadilisha mkoa na kazi, si amesema uongo?

---

Benchi la Tatu

Akitangulia kusema "nimebadilisha mambo kadhaa ili kumlinda mhusika", hajamdanganya mtu.

---

Mzee Mwalimu

Mimi hapo nasita. Ukisema hivyo kwenye kanisa la watu 60, wote wanaanza kumtafuta mhusika badala ya kusikiliza. Nilikuwa nawakataza wanafunzi wangu kutumia chochote cha chumba cha ushauri, hata kwa ruhusa, maana mtu akiombwa na mchungaji wake anaona aibu kukataa. Wenzangu wengi chuoni walinipinga.

---

Mama Upendo

Mimi angeniomba ningekubali, kwa kumwogopa tu.

---

Benchi la Tatu

Wakuu, kwa taarifa: nimempigia mzee wa kanisa, nikamsomea aya ya 29 hadi 31 kwenye simu. Amesema mgeni yule alialikwa na kamati ya uinjilisti na ataurudisha mjadala huko, lakini kutangaza kanisani kwamba hadithi ya tai si kweli hakuafiki, anaona itamwaibisha mgeni. Mimi nimemwambia Jumapili kwenye kipindi cha vijana nitaifundisha Isaya 40 yote kuanzia aya ya 1, na mama yule nitakwenda kumwona hospitali kabla ya hapo.