Tupeane uzoefu: waliowahi kulaza mbwa wa watu wakati wenyewe wameenda ushago

Mama Tumaini, Kahawa West
Jana jirani kaniuliza kama nitachukua mbwa Desemba hii. Mikono ikaanza kutetemeka. Niandike yote, labda kuna mwenye kuanza biashara hii atakayenufaika.

Nilikuwa na mbwa watano uani, natoza 800 kwa siku. Tarehe 20 Desemba mama mmoja akaniletea papi wa wiki kumi na moja, safari ya Kakamega inamngoja. Nikauliza chanjo, akasema amechomwa. Nikaamini. Kesho yake jioni papi akakataa maziwa, akatapika povu la manjano. Kufikia usiku anahara damu, na ile harufu siwezi kuisahau. Daktari wa mifugo akapima kinyesi kwa kile kipimo cha dakika chache: pavo, kile kirusi cha mbwa cha kutapika na kuhara damu. Tukamweka dripu. Tarehe 24 alfajiri akafa nimempakata. Tarehe 27 papi wangu mwenyewe akaanza kutapika. Yeye alipona baada ya siku sita za dripu, akabaki mifupa mitupu. Wale wanne wakubwa wenye chanjo kamili hawakuguswa.

Mwenye papi alirudi akaniambia nimemuulia mbwa kwa uchafu. Nilimrudishia pesa yake yote huku nalia.

Kinyozi wa Mbwa, Saut Bii
Pole sana. Hayo yamenipata pia.

Wa Donholm
Mimi niko upande wa mwenye papi. Mbwa aliingia mzima, akafia kwako. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Daktari wa Mtaani
Tuhesabu siku kabla ya kulaumu. Pavo huchukua siku tatu hadi saba hivi tangu mbwa aipate mpaka atapike, wakati mwingine hadi wiki mbili. Papi aliingia tarehe 20, akaugua tarehe 21. Hakuipata hapo, alikuja nayo. Wa Mama Tumaini aliugua siku ya saba baada ya mgeni kuingia. Huyo ndiye aliyeambukizwa uani, tena mgeni huanza kuitoa kwenye kinyesi hata kabla ya kuonekana mgonjwa.

Wa Donholm
Lakini mwenyewe alisema amechomwa.

Daktari wa Mtaani
Mara ngapi? Hapo ndipo wengi huumia. Papi ana kinga aliyonyonya kwa mama yake, na kinga hiyo huizima chanjo isifanye kazi. Hatujui itaisha wiki gani, ndiyo maana tunaanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudia kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Papi wa wiki kumi na moja mwenye sindano moja bado yuko uchi. Mimi ningesema usimlaze papi yeyote kabla hajamaliza, na baada ya ile ya mwisho ngoja wiki mbili. Dai kadi yenye stika za chupa na tarehe, si maneno ya mdomo.

Baba Paka, Rongai
Jamani, kuna anayeleta chakula cha paka huku Rongai kwa pikipiki? Duka langu limefungwa na paka wangu hali wali.

Kinyozi wa Mbwa, Saut Bii
Baba Paka, fungua mada yako, hapa watu wanaomboleza.

Wa Kasarani
Dawa ni jiki. Mwagia uwanja wote, subiri siku mbili, rudisha mbwa.

Mama Tumaini
Nilifanya hivyo hivyo, ndugu yangu. Chupa nne nilimwaga uani. Machi nikapokea papi mwingine, akaugua pavo siku ya tano.

Daktari wa Mtaani
Uwanja wako ni udongo?

Mama Tumaini
Udongo na nyasi.

Daktari wa Mtaani
Jiki huishiwa nguvu kwenye udongo na kinyesi kabla haijamfikia kirusi. Kwenye saruji inafanya kazi: osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, sakafu ibaki imelowa dakika kumi. Sabuni peke yake haitoshi, na ile dawa ya mikono ya spiriti haimuui. Udongoni anaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Sina hakika kamili kuhusu yule wa Machi, huenda pia alikuja nayo, lakini uwanja ule nisingeuamini kwa papi.

Wa Kasarani
Basi amwage saruji uani.

Kinyozi wa Mbwa, Saut Bii
Saruji ni pesa. Mimi nilikata kabisa papi, nachukua wakubwa tu wenye kadi. Wateja wamepungua Desemba, lakini nalala.

Wa Donholm
Mama Tumaini, samahani kwa niliyosema. Ila yule mama naye alipoteza mbwa.

Mama Tumaini
Najua. Simu yake bado ninayo. Sijapata maneno ya kumpigia.