"Ndiyo" ya shahidi: mkalimani aseme "yes" au "no"?

Swali: "Shahidi anaulizwa kwa kukanusha, anajibu 'Ndiyo' moja tu, kisha ananyamaza. Mkalimani amwambie hakimu 'yes' au 'no'? Nimesikia majibu mawili yanayopingana, na wote walioyasema ni watu wa kazi."

Mkalimani wa siku nyingi: Mimi nasema "no", na sikiachi hicho kineno peke yake, nafuatisha kitenzi. Nilijifunza siku niliyomwona mwenzangu akikosea. Wakili aliuliza kwa Kiingereza, mwenzangu akafasiri: "Hukuuona mkataba kabla ya kutia saini?" Shahidi akajibu: "Ndiyo." Kwetu hilo ni wazi, mama wa watu amekubali kwamba hakuuona. Mwenzangu akasema "yes". Wakili akaelewa ameuona. Maswali mawili mbele akamuuliza ukurasa unaotaja riba unasemaje, mama akasema hajui. Basi akabanwa: si umesema uliuona? Akaanza kubabaika, na kila alivyozidi kujieleza ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo. Hakuna aliyerudi kwenye lile neno moja. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu mama yule hakusema uongo hata kidogo.

Mwanafunzi wa isimu: Kanuni ni nyepesi. Kiingereza hutazama tukio: halikutokea, basi "no", vyovyote ulivyouliza. Kiswahili na Kijapani hutazama kauli ya muulizaji: umesema sikuuona, na kweli sikuuona, basi "ndiyo", au "hai" kwa Kijapani. Kwa hiyo kila swali likiwa la kukanusha, mkalimani ageuze. Ndiyo iwe "no", hapana iwe "yes". Mjadala umekwisha.

Anayefanya kazi na Wajapani: Haujaisha, ndugu yangu. Hiyo "kila" itakuponza. Mjapani akikuuliza "Ikanai n desu ka?", yaani kumbe huendi, nawe huendi, utajibu "Hai, ikimasen". Hapo uko sawa. Lakini akikuambia "Ikimasen ka?" kwa sauti ya kukukaribisha mwende pamoja, kitenzi ni cha kukanusha vilevile, na anayekubali kwenda husema "Hai, ikimasu". Hai ileile, safari hii na kitenzi cha kukubali. Anajibu mwaliko, hajibu ukanushi. Miezi yangu ya mwanzo niligeuza kila kitu kama unavyosema, nikawa nawakatalia watu chakula cha mchana bila kujua.

Mchangiaji mpya: Samahani, mimi nilifundishwa ni "ndio", siyo "ndiyo". Ipi sahihi?

Mwalimu wa sarufi: Kwa maana ya kukubali, andika ndiyo. Si swali lililoulizwa, lakini umenifungulia mlango. Neno hili ni ndi- ya kusisitiza pamoja na -yo inayorejelea kitu kilichokwisha kutajwa, kama vile kusema "habari ni hiyo hiyo". Ndiyo maana linaikubali kauli ya muulizaji jinsi ilivyo, iwe na ukanushi au isiwe nao. Hapana imetoka kwingine. Ni ha-pa-na, mahali hapana kitu, kama tunavyosema "hapana mtu ndani". Moja inathibitisha kauli, nyingine kwa asili inakana kuwapo kwa kitu. Si pacha hizi, ingawa tunazitumia kama pacha.

Na alichosema mwenzetu wa Kijapani, Kiswahili nacho kinacho. Sikilizeni maswali haya mawili: "Hukuuona mkataba?" na "Si uliuona mkataba?" La pili lina "si" mbele, lakini kitenzi chake ni cha kukubali, na muulizaji anatarajia kuwa uliuona. Ukijibu "Ndiyo" hapo umesema uliuona. Sasa, swali moja la kukanusha la Kiingereza laweza kubeba maana zote mbili, ya kushangaa kwamba hukuuona na ya kukukumbusha kwamba uliuona. Mkalimani ndiye anayechagua afasiri kwa "huku-" au kwa "si uli-". Akichagua "si", ndiyo ya shahidi ni "yes" bila kugeuza chochote. Akichagua "huku-", ni "no". Kabla ya kumlaumu kwa jibu, muulizeni swali alilifasiri vipi.

Mkalimani wa siku nyingi: Hapo mwalimu umegusa penyewe. Mimi hukumbuka nilivyouliza mimi, siyo alivyouliza wakili.

Muuguzi: Mimi sina mahakama, nina fomu. Yetu ilikuwa imeandikwa "Huna mzio wa dawa yoyote?" na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mmoja alitia alama kwenye hapana. Nikamuuliza ni dawa gani inayomdhuru. Akashangaa: "Hakuna, si nimeandika hapana?" Aliyefuata naye alitia hapana, na huyo alikuwa na mzio wa penisilini kweli. Alama ileile, maana mbili, na kwa dawa ile mtu anaweza kufa. Tukabadilisha swali: "Una mzio wa dawa yoyote? Taja." Hatukuhitaji kujua kanuni ya lugha yoyote.

Mwanafunzi wa isimu: Basi huyo wa kwanza alijibu Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Alikosea.

Mwalimu wa sarufi: Usiharakishe kumkosoa. "Hapana, sikuuona" utaisikia kwa wengi, hasa waliosoma kwa Kiingereza, na hata kwa wasiokijua. Hapana ikisimama peke yake baada ya swali kanushi ndiyo yenye hatari kubwa kuliko ndiyo. Hata Kiingereza hakikuwa hivi siku zote. Zamani kilikuwa na maneno manne: "yea" na "nay" kwa swali la kawaida, "yes" na "no" kwa swali la kukanusha, na "yes" ilikuwa ya kumpinga aliyekanusha, kama "doch" ya Kijerumani au "si" ya Kifaransa. Mwaka 1532 Thomas More alimkemea William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuchanganya "nay" na "no". Lugha husogea.

Wakili: Nasoma kwa wasiwasi. Mkalimani akisema "hapana, sikuuona" wakati shahidi ametamka neno moja, ametoa ushahidi yeye. Nani kamruhusu kuongeza kitenzi? Mimi nataka nilichoambiwa, nikiona utata nitauliza mwenyewe.

Mkalimani wa siku nyingi: Utauonaje, mheshimiwa? Ukisikia "yes" hutaona utata wowote, na hapo ndipo yule mama alipoangukia. Ndiyo baada ya "hukuuona" nimeifasiri maana yake, sijaongeza neno. Lakini kwa hapana nakubaliana nawe. Hiyo siigusi. Namwomba hakimu ruhusa, namrudia shahidi: "Uliuona au hukuuona?" Akishatamka kitenzi, nafasiri kitenzi.

Wakili: Na hakimu akikataa kukupa ruhusa?

Mkalimani wa siku nyingi: Nasema neno kwa neno, na naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba jibu hilo kwa Kiswahili lina maana mbili.

Wakili: Hilo naliafiki. La kufasiri ndiyo kuwa "no" bila kuuliza, bado silikubali.

Muuguzi: Lakini wewe wakili, kwa nini usiulize tu "Uliuona?"

Wakili: Kwa sababu ninapomhoji shahidi wa upande wa pili, swali la kukanusha linamwelekeza ninakotaka. Ndiyo kazi yake.